Mtoto kavunjwa mfupa, wazazi wote wawili wanakana: nani ashtakiwe?

Rehema: Mtoto wa miezi 4 kafikishwa hospitali, mfupa wa paja umevunjika na sikio limevilia damu. Baba hajui, mama hajui. Hospitali ikaripoti, polisi wakahoji, jalada likafungwa. Kwa nini, na kosa liko wazi?

Kombo: Ripoti ilikuwa dhaifu. Daktari angetazama rangi ya lile sikio, ajue ni jeraha la siku gani na siku hiyo mtoto alikuwa na nani, ndipo aripoti.

Tatu: Ndugu Kombo, siku ya tukio ni muhimu kweli, lakini rangi haiwezi kuitaja. Na anayeripoti hadaiwi ushahidi: penye wajibu huo kisheria, shaka yenye msingi inatosha. Mtoto wa miezi 4 hatambai wala hasimami, kwa hiyo sikio lile peke yake ni sababu ya kuripoti. Kungoja kunaharibu. Ufa mpya wa mbavu mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Picha hurudiwa baada ya siku 11 hadi 14, mfupa ukishaanza kuunga. Jalada likifungwa mapema, picha ya pili haipigwi.

Hata hivyo, dada Rehema, kilichowakwamisha ni kingine. Kosa liko wazi, mkosaji hayuko wazi. Watu wawili walikuwa na nafasi ya kulitenda, na kama haithibitiki ni yupi, wala kwamba walishirikiana, wote huachiwa. Uingereza ilikwama hapo katika kesi ya Lane mwaka 1985. Sheria yao ya 2004 ikaunda kosa la kusababisha au kuacha mtoto afe, na mwaka 2012 likaongezwa dhara kubwa la mwili. Sasa mwendesha mashtaka halazimiki kuonyesha nani alipiga. Anaonyesha kwamba kila mmoja, kama si yeye aliyepiga, alijua hatari, au alipaswa kuijua, asichukue hatua iliyowezekana.

Mzee Sefu: Yaani mzazi akimchapa mtoto mtukutu, na mwenzake afungwe?

Tatu: Hapana, mzee wangu. Tunazungumzia mfupa wa paja wa mtoto mchanga.

Kombo: Rangi nimekubali. Lakini pasipo sheria kama hiyo bado kuna njia: kutelekeza. Kama mtoto alilia siku mbili kila akibadilishwa nepi na wote wawili wakamwona, kuchelewa kumpeleka hospitali ni kosa la kila mmoja. Polisi waulize saa ya kilio cha kwanza, wamhoji kila mzazi peke yake, siku hiyohiyo.

Tatu: Hilo ni sawa, ila adhabu yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kuvunja mfupa.

Rehema: Na mama naye akiwa anapigwa humo ndani? Kwa njia zote mbili mnamshtaki aliyeogopa.

Tatu: Hofu yake hupimwa katika kuamua ni hatua gani iliwezekana kwake. Ila mara nyingi hupimwa akiwa tayari kizimbani, na hapo sina jibu linaloniridhisha.

Kombo: Mimi naona aanze kama shahidi.

Tatu: Akikataa kusema?