Duka limefungwa kwa deni la kodi, barua ya kuomba kufunguliwa iandikweje?

MamaPili_Moro: Wakuu, nina duka la maziwa na vinywaji hapa Morogoro. Juzi maofisa wa kodi wametia kufuli na lakiri, wakabandika amri mlangoni. Deni ni shilingi 4,860,000. Mwaka jana nililipa awamu mbili tu kati ya nne, riba ikapanda juu yake. Deni silikatai, ila mkononi nina 1,500,000. Ndani kuna friji za maziwa na uniti za luku zinaelekea kuisha, mita nayo iko humohumo. Naanzia wapi?

Kipara_Fundi: Kata kufuli usiku utoe maziwa yako, mali ni yako.

Mzee_wa_Hesabu: Usithubutu. Ukivunja lakiri umeongeza kosa juu ya deni. Nenda kitengo cha madeni ukaombe taarifa ya deni, uone kodi ni kiasi gani na riba kiasi gani. Linganisha na risiti zako za benki, kuna malipo huwa hayajaingizwa. Kisha omba kontroo namba ulipe hiyo 1,500,000 kabla ya kuandika chochote. Barua yenye risiti ya malipo haisomwi sawa na barua tupu.

Kijana_wa_Kkoo: Weka pingamizi dada, ukipinga wanafungua.

Mzee_wa_Hesabu: Hapana. Pingamizi ni la anayebishia makadirio, ndani ya siku 30 tangu ayapokee, tena analipa kwanza theluthi ya kodi au kiasi asichobishania, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Yeye amekubali deni. Barua iende kwa Meneja wa Mkoa, hivi:

*YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA BIASHARA NA KULIPA DENI KWA AWAMU, TIN …*
*Nakiri kudaiwa Sh. 4,860,000. Nimelipa Sh. 1,500,000 (risiti imeambatanishwa). Salio la Sh. 3,360,000 naomba kulilipa kwa awamu nne za Sh. 840,000, kila tarehe 5 ya mwezi. Naomba pia, wakati ombi hili likishughulikiwa, niruhusiwe kutoa maziwa mbele ya ofisa wenu.*

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Bint_Chumbe: Mimi halmashauri walinifungia kwa leseni, nikalipa wakafungua siku ileile.

Mzee_wa_Hesabu: Hiyo ni leseni, ni ya halmashauri na ina utaratibu wake. MamaPili, usiandike awamu usizoziweza. Ukikosa moja, salio lote linadaiwa kwa mkupuo, na riba inaendelea kuhesabiwa kwenye salio hata ukiwa kwenye mpango.

MamaPili_Moro: Asante mzee. 840,000 kwa mwezi ni nzito, labda sita za 560,000. Watakubali?

Mzee_wa_Hesabu: Inategemea meneja. Peleka na taarifa ya benki ya miezi mitatu aone mzunguko wako. Hilo la maziwa mwambie kwa mdomo leo leo, usingoje majibu ya barua.