Mjadala: Je, ni busara kuomba nyongeza baada ya kupokea barua ya ofa?

Mkazi wa Tabata
Jumatatu nilipokea barua ya ofa ya nafasi ya afisa ugavi katika kampuni moja ya Masaki. Wananipa shilingi 1,400,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kazini kwangu sasa ninapata 1,250,000. Bado ninalipa deni la Bodi ya Mikopo. Natamani kuomba 1,700,000, lakini rafiki zangu wamegawanyika: wengine wanasema ofa itafutwa, wengine wanasema nikinyamaza nitajuta. Je, niombe? Na nikiomba, niseme vipi nisimuudhi mtu nitakayekaa naye ofisi moja?

Mzee wa Ilala
Mwanangu, usiombe chochote. Mtoto wa dada yangu alipata ofa, akaandika barua kuomba zaidi, na tangu siku hiyo simu yake haikulia tena. Alipofuatilia baada ya wiki mbili aliambiwa nafasi imejazwa. Nyuma yako kuna foleni ya watu wenye shahada kama yako, na wengine wangeipokea hiyo milioni moja na laki nne kwa mikono miwili. Ingia kwanza, waone kazi yako, ndipo uzungumze.

Kaka wa Kariakoo
Shikamoo mzee, lakini hapo tutapingana. Mwenye duka akitaja bei ya kwanza, yeye mwenyewe anajua kuwa si bei ya mwisho. Taja 2,500,000, wao watashuka, mtakutana katikati. Anayepokea bei ya kwanza hata muuzaji humshangaa.

Mwalimu wa Singida
Mimi niliajiriwa kwa daraja la TGTS D na sikuulizwa nataka kiasi gani. Sielewi mnajadiliana na nani, maana mshahara umeshapangwa.

Mlipa Mishahara
Mwalimu, huyu ndugu anaajiriwa na kampuni binafsi. Kwenu serikalini ngazi ya mshahara ipo kwenye waraka na afisa utumishi hana uwezo wa kuigusa, kwa hiyo uko sahihi kwa upande wako.

Sasa, kabla hatujabishana kuhusu adabu, tuhesabu, kwa sababu nimeandaa orodha za mishahara kwa miaka mingi na nimeona watu wakifurahia tarakimu ambazo hawatazishika kamwe. Chukua hizo 1,400,000 na tuseme zote ni mshahara wa msingi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 140,000. Kodi inakatwa kwenye 1,260,000 zinazobaki, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 sehemu iliyozidi milioni moja inatozwa asilimia 30, juu ya 128,000 za madaraja ya chini. PAYE yako inakuwa 206,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nazo ni 210,000. Mkononi zinabaki 844,000.

Hesabu hiyo hiyo kwa 1,250,000 za sasa inakupa 772,000. Laki moja na nusu uliyoiona kwenye barua ni 72,000 mfukoni.

Mkazi wa Tabata
Sikuwahi kuipiga hesabu hivyo. Kazini kwangu sasa ninakwenda kwa miguu. Kwenda Masaki na kurudi, nikijumlisha bodaboda ya kutoka ndani hadi kituoni, nimekadiria shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 66,000. Ina maana ninahama kwa ajili ya shilingi 6,000?

Mlipa Mishahara
Ndiyo. Na kwa kuwa tayari umevuka milioni moja na una deni la Bodi, kila laki moja utakayoongezewa itakufikia kama 48,000. Zile laki tatu unazotaka kuomba ni 144,000 mkononi, ilhali mwajiri ataona laki tatu kamili pamoja na 30,000 za mchango wake wa NSSF, na bado sijagusa tozo nyingine zinazopimwa kwa mishahara. Ndiyo maana ombi linaloonekana dogo kwako kwao ni kubwa.

Bi Afisa Rasilimali Watu
Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka 14, kwa hiyo nitasema tunavyoona sisi. Kampuni yenye mpangilio huwa na daraja la mshahara kwa kila nafasi, lenye kiwango cha chini na cha juu, na mara nyingi ofa ya kwanza huwekwa chini ya katikati ya daraja hilo ili pabaki pa kusogea. Ukiomba kiasi kilichomo ndani ya daraja, ninaweza kulimaliza kwa mazungumzo na mkuu wa idara. Ukiomba kilichovuka, ninalazimika kupanda kwa mkurugenzi, na swali lake la kwanza litakuwa moja tu: wale waliopo tayari kwenye daraja hilo, walioanza miaka mitatu iliyopita, tutawaambia nini? Kaka wa Kariakoo, hapo ndipo 2,500,000 yako inapokwama. Bei ya kitenge hailinganishwi na ya mteja wa jana, ila mshahara unalinganishwa, na watu huambiana.

Mzee wangu, nakubali kwamba ofa hufutwa, lakini zile nilizoona zikifutwa zilikuwa za aina mbili. Moja ni nafasi za kuanzia, ambapo wa kwanza na wa pili kwenye usaili walipishana alama chache na kumwita wa pili hakutugharimu chochote. Nyingine ni mtu aliyerudi mara ya pili na ya tatu: leo mshahara, kesho nauli, keshokutwa tarehe ya kuanza. Huyo tuliona jinsi atakavyokuwa kazini. Ombi moja, lenye tarakimu moja na sababu moja, linalotolewa na mtu aliyekwisha kusema kuwa anaitaka kazi, sikumbuki likimkasirisha mtu. Nasema tarakimu moja kwa sababu mtu akiniandikia "kati ya 1,500,000 na 1,700,000", mimi ninasoma ile ya kwanza tu.

Na sababu isiwe kodi ya nyumba wala deni la Bodi. Mkurugenzi analipia kazi. Madeni ya mtu si bajeti yake.

Dada wa Mbagala
Hapo kwenye sababu sikubaliani kabisa na Bi Afisa. Mimi niliwaambia wazi kuwa nauli inanimaliza. Mshahara hawakuongeza hata shilingi, lakini walinipa kiti kwenye basi la wafanyakazi, ambalo sikujua kuwa lipo. Nisingetaja nauli nisingelipata.

Bi Afisa Rasilimali Watu
Umenishika, dada. Pale ambapo kampuni ina kitu kinacholingana na tatizo lako, kulitaja kunasaidia.

Wakili wa Upanga
Naomba niongeze jambo ambalo wengi hulivuka. Barua ya ofa ni pendekezo, na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pendekezo linageuka makubaliano pale tu linapokubaliwa kikamilifu, bila masharti. Ukiandika "nitakubali iwapo mtanilipa 1,700,000", hujakubali ofa. Umetoa ofa yako mpya, na ile ya kwanza unaweza kuwa umeiua mwenyewe. Mfano unaofundishwa ni kesi ya Uingereza ya 1840, Hyde dhidi ya Wrench: mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, mwenye shamba akakataa, na mnunuzi aliporudi kusema basi naikubali ile 1,000, mahakama iliona kuwa hapakuwa tena na kitu cha kukubali. Swali ni jambo tofauti, kwa kuwa anayeuliza kama kuna nafasi ya kusogea hajakataa chochote. Kwa hiyo ningeandika hivi:

"Nimepokea barua ya ofa ya nafasi ya afisa ugavi, nashukuru, na ninapenda kujiunga nanyi. Kabla ya kutia saini naomba kuuliza kama upo uwezekano wa kuupitia mshahara wa msingi ufike 1,700,000, nikizingatia kuwa kwa miaka minne nimeshughulikia utoaji wa mizigo bandarini, kazi ambayo tangazo lenu limeitaja kuwa jukumu kuu. Nitashukuru kupata jibu kabla ya tarehe ya mwisho ya ofa."

Miaka minne nimeibuni, weka yako. Tahadhari nyingine ni kwamba hata ukiuliza kwa adabu ya malaika, mwajiri bado anaweza kuiondoa ofa kabla hujaikubali. Usikabidhi barua ya kuacha kazi ya sasa mpaka mkataba wa Masaki uwe na saini zote mbili, kisha ndipo uanze kuhesabu siku zako 28 za notisi.

Kaka wa Kariakoo
Na wakitaka salari slipu za miezi mitatu? Wakiona 1,250,000 mchezo umekwisha. Mimi ningekataa kuzitoa.

Bi Afisa Rasilimali Watu
Ukikataa, baadhi yetu tutaendelea na wengine tutasimama. Siwezi kumwahidi mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba usibadilishe tarakimu. Tunapiga simu.

Mzee wa Ilala
Kwa hiyo mnamwambia kijana aende vitani kwa shilingi 144,000.

Mlipa Mishahara
Mzee, bila hizo anakwenda Masaki kila asubuhi kwa 6,000.

Mkazi wa Tabata
Narudi na majibu. Jumatano niliituma barua ya Wakili karibu neno kwa neno, na mkuu wa idara niliyemwona kwenye usaili nilimwekea nakala. Leo asubuhi afisa wao amenipigia simu. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida, tena alicheka kidogo aliposema kuwa 1,700,000 imevuka daraja. Wamefikia 1,520,000, na barua mpya inasema mshahara "utaangaliwa upya baada ya kipindi cha majaribio cha miezi sita".

Mlipa Mishahara
Hiyo ni 901,600 mkononi. Umeongezewa 57,600 juu ya ofa ya kwanza. Ukitoa nauli, unahama kwa 63,600.

Wakili wa Upanga
"Utaangaliwa upya" haimfungi mtu yeyote. Wanaweza kuuangalia, wakaurudisha ulipokuwa. Omba waandike kiasi, hata kama ni kidogo, na mwezi utakaoanza kulipwa.

Bi Afisa Rasilimali Watu
Mimi nisingeomba tena. Hapo ndipo mara ya pili inapoanza, na jina la mkuu wa idara sasa limo kwenye mazungumzo haya. Ningetia saini, nikaandika kwenye kalenda tarehe ya kutimiza miezi sita kazini, na kufika siku hiyo na orodha ya mizigo niliyoitoa.

Wakili wa Upanga
Kuomba ufafanuzi wa sentensi waliyoiandika wao wenyewe si kuomba fedha mara ya pili.

Bi Afisa Rasilimali Watu
Kwako wewe. Kwa anayepokea simu, ni mtu yule yule anarudi.

Mzee wa Ilala
Tia saini, mwanangu.

Mkazi wa Tabata
Wamenipa hadi Ijumaa saa kumi jioni. Bado ninaisoma hiyo sentensi.