Mito imegeuka manjano, blichi imezidisha: nioshe tena au nitupe?

MjukuuWaBombo
Asalaam aleikum wanajamvi. Niko Bombo, na wageni wa harusi ya dada yangu watalala kwetu baada ya wiki mbili. Jana nilivua foronya zote nikaona aibu. Mito 4: miwili ya faiba, mmoja wa sponji, na mmoja wa sufi ambao bibi aliuacha. Yote ina madoa ya manjano mahali kichwa kinapolala. Mmoja wa faiba niliuloweka usiku kucha kwa blichi ya klorini, kikombe kizima kwenye beseni. Asubuhi doa limekolea, limekuwa kama chai ya rangi! Niongeze blichi au nikubali yaishe?

JinjaMwenyeji
Pole. Chukua sabuni ya mche, ikwangue kwenye sufuria, chemsha foronya dakika 20, anika juani. Zangu zinang'aa.

MjukuuWaBombo
Asante ndugu, lakini foronya hazina shida. Nasema mto wenyewe, ule wa ndani.

KasukuWaMbale
Jua ndilo dawa, hapo usibishane na mtu. Anika siku nzima. Na blichi haikufanya kazi kwa sababu ilikuwa peke yake. Tia na siki nusu kikombe, utaona inavyochemka na kutoa doa.

DobiWaEntebe
KasukuWaMbale, kwenye jua umesema kweli. Kwenye siki, hapana kabisa, na yeyote anayesoma asijaribu. Blichi ya klorini ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu, na ukiwa umejifungia bafuni itakukaba kifua. Nimefua mashuka na mito ya nyumba za wageni miaka mingi, na jambo hilo tulikuwa tunawaambia vijana wapya siku ya kwanza kabla hata ya kuwaonyesha bomba liko wapi.

Sasa, mjukuu wa Bombo. Doa lako si jasho tupu. Ni jasho, mate, na mafuta ya ngozi na ya nywele. Mafuta yakikaa kwenye hewa muda mrefu hugeuka manjano yenyewe. Klorini haiyaondoi mafuta hayo, na ikikutana na protini ya jasho rangi huzidi. Kwa hiyo ulichokiona asubuhi si ajabu. Usiongeze hata tone.

Kabla hujapoteza maji na sabuni, pima kama mto una uhai. Ukiwa mkavu, ukunje katikati, ubane, kisha uachie. Mto wa faiba ulio mzima hufunguka wenyewe mara moja. Ukibaki umekunjika kama chapati, faiba imekufa, na hakuna sabuni inayofufua faiba. Utakuwa na mto msafi usiobeba kichwa.

MjukuuWaBombo
Nimejaribu. Ule nilioutia blichi umefunguka vizuri. Wa pili umebaki umelala, na ndani nasikia madonge kama ugali uliopoa. Huo wa pili ndio mweupe kidogo, ndiyo maana nilidhani ndio mzima.

DobiWaEntebe
Basi wenye doa baya ndio wa kuosha, na mweupe kidogo ndio wa kutupa. Rangi huwadanganya wengi.

Anza kwa kusuuza blichi yote itoke, maji mengi, mpaka usisikie harufu yake tena. Kisha pitia mafuta: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isugue kwa vidole kwenye doa, iache nusu saa, suuza. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu dawa ya pili.

Dawa ya pili ni ule unga wa kutoa madoa unaotumia oksijeni. Soma pakiti: kiini kiwe sodiamu pakaboneti, na kusiwe na klorini. Changanya maji yanayochemka na maji ya bomba nusu kwa nusu, utapata joto la karibu nyuzi 60. Kwa lita 10 tia vijiko 5 vya chakula, koroga mpaka uyeyuke, kisha zamisha mto na uubane chini utoe hewa. Vaa glavu. Saa 4 zinatosha, maana nguvu yake huisha, na kuloweka hadi kesho hakuongezi kitu. Usiuhifadhi mchanganyiko kwenye chupa iliyofungwa. Hutoa gesi, chupa inaweza kupasuka.

Suuza mara tatu au zaidi. Sabuni ikibaki ndani, faiba hushikana. Usiusokote mto. Ubane kwa viganja juu ya beseni lililogeuzwa.

MamaWaBusia
Na wa sufi? Mimi nilimfulia mama mto wake wa sufi kwenye maji, jamani, ulikuwa jiwe wiki nzima, halafu ukanuka ukungu. Nililia.

DobiWaEntebe
Sufi hailowekwi, mama. Fungua mshono, toa sufi uitandaze kwenye mkeka juani, ipigepige na kuitawanya kwa mkono, halafu ganda la kitambaa pekee ndilo unaloliosha. Sufi yenyewe ikiwa na vidoa vyeusi au harufu ya ukungu, itupe, hata kama ni ya bibi.

Wa sponji, ule wa manjano yote, si uchafu peke yake. Sponji hugeuka manjano kwa hewa na mwanga, na rangi hiyo haitoki. Futa juu kwa kitambaa na sabuni kidogo, kausha kivulini. Ukiubonyeza ukatoa unga au ukabaki na shimo, umeisha.

MjukuuWaBombo
Narudi na matokeo. Nilifanya kama Dobi alivyosema. Nilikuwa nimeazima mzani wa duka la sukari nikaupima mto kabla ya kuulowesha, gramu 760. Baada ya kubana ulikuwa kilo 2.3. Jioni ya siku ya kwanza ulionekana mkavu kwa nje, nikataka kuuweka ndani, lakini mzani ulisema kilo 1.1. Mvua ya jana ikanichelewesha. Leo, siku ya tatu, umerudi 765. Nimeugeuza na kuuchambua kwa vidole kila saa mbili hivi.

Doa la chai limepungua sana, lakini bado kuna duara hafifu la manjano.

DobiWaEntebe
Mzani! Sisi tulikuwa tunaingiza mkono katikati kuhisi ubaridi. Yako ni bora. Duara lililobaki linaweza kuwa kitambaa kilichounguzwa na klorini. Loweka mara moja zaidi. Likikataa, lifunike kwa foronya ya ndani yenye zipu na uendelee, hakuna atakayeliona.

KasukuWaMbale
Kwa hiyo siki naiacha kabisa? Hata kwenye suuza ya mwisho, blichi ikiwa haipo?

DobiWaEntebe
Kama blichi na unga vimeshatoka vyote, mimi sioni ubaya. Ila mimi huwa siitumii.

MamaWaBusia
Ule wa faiba uliokufa msiutupe. Mimi nimempa mbwa wangu, tangu hapo hakohoi.

MjukuuWaBombo
Wa pili nimeushona kuwa kiti cha bibi mwingine, yule anayekaa barazani. Wa sufi naufungua kesho, jua likiwaka.