Mbale hadi Kaabong mwezi Mei: tupitie Moroto na Kotido, au tuzunguke Kitgum?

Mwalimu_Mbale
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Katikati ya mwezi Mei tunapaswa kupeleka vitabu na madawati katika shule moja iliyo karibu na Kaabong, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwa lori la tani saba na gari dogo la magurudumu manne yanayovuta. Njia ya kwanza ninayoifikiria hupitia Muyembe, Nakapiripirit na Moroto, kote lami, kisha Kotido na Kaabong kwa udongo. Ya pili huzunguka Soroti, Lira, Gulu na Kitgum kwa lami, kisha huingia Orom na Karenga. Naomba kujua ni ipi iliyo salama zaidi wakati wa mvua, na ni saa ngapi za siku zinazofaa kusafiri.

Boda_wa_Bududa
Mwalimu, mimi hupakia abiria katika milima ya Bududa, na ushauri wangu ni kuwa mvua ikinyesha msipande kilima hata kidogo. Udongo mwekundu wa huku huteleza, na kingo za barabara huporomoka. Subirini jua.

Mwalimu_Mbale
Nakushukuru, ndugu yangu. Hata hivyo njia yetu baada ya Moroto ni tambarare kwa sehemu kubwa, nami nina hofu ya mito na matope kuliko miteremko.

Fundi_Magari_Soroti
Jambo kubwa ni gari lenyewe. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi za meno makubwa, litapita. Ondokeni alfajiri, kwa kuwa mvua ya Karamoja hunyesha alasiri na usiku, na asubuhi mbingu huwa safi.

Mzee_wa_Lori
Fundi amesema kweli kuhusu saa ya mvua, lakini saa ya mvua na saa ya barabara kufungika ni mambo mawili, na hapo ndipo madereva wengi wageni hukwama. Nimeendesha malori kati ya Moroto na Kaabong kwa miaka mingi, na ningependa Mwalimu azitenganishe sehemu za njia hiyo katika aina mbili.

Aina ya kwanza ni mito ya msimu. Maji ya Karamoja hutoka kwenye milima ya mashariki, upande wa mpaka wa Kenya, yakatiririka kuelekea magharibi, na barabara ya kwenda Kotido huyakata njiani. Kwa hiyo mvua iliyonyesha mlimani alasiri, mahali ambapo wewe hukuiona hata wingu lake, inaweza kukufikia usiku kwenye drifti, yaani kivuko cha zege ambacho mto hupita juu yake, huku juu yako nyota zinawaka. Mto huo hujaa kwa ghafla, lakini pia hupungua upesi, mara nyingi kwa saa chache, na ndiyo sababu asubuhi ni wakati mzuri wa kuvuka.

Aina ya pili ni udongo mweusi wa mbugani. Huu hauna haraka. Ukishanywa maji huvimba na kunata, maji hayapenyi kwenda chini wala hayana mteremko wa kukimbilia, na asubuhi ndipo unapokuwa mbaya zaidi kwa sababu umelala na mvua usiku kucha. Udongo huu unataka jua la nusu siku baada ya manyunyu, na pengine siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Hapo magurudumu manne yanayovuta hayasaidii sana, kwa kuwa matope hujaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini, kisha hujaa chini ya bodi na kulizuia lisizunguke. Lori lenye mzigo huzama hadi difu ikakaa juu ya udongo.

Kwa ufupi, mto unakutaka asubuhi na udongo mweusi unakutaka alasiri.

Nesi_Kotido
Shikamoo Mzee. Sisi tunaopeleka chanjo vijijini tunakubaliana nawe kabisa. Naomba kuongeza namna ya kuutambua udongo huo kabla ya kuuingia. Karibu na vilima vya mawe udongo una mchanga na changarawe, na maji hukauka upesi. Ukiviacha vilima na kuona uwanda wazi wenye migunga mifupi ya miiba mirefu myeupe, punguza mwendo, kwa maana migunga hiyo hupenda udongo mweusi. Shuka utembee hatua kumi. Ikiwa soli ya kiatu inazidi kunenepa kila hatua, rudi ulikotoka ungali na nafasi ya kugeuza. Msidanganywe na ganda kavu la juu, kwa sababu chini yake huwa bado ni uji, na lori hulivunja hata kama pikipiki imepita.

Fundi_Magari_Soroti
Nakubali kuhusu udongo mweusi. Lakini kwenye drifti, gari refu lililoinuka lina faida, au sivyo?

Mzee_wa_Lori
Lina faida kwenye maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia hulisukuma gari kutoka ubavuni, na ubavu mkubwa husukumwa zaidi. Kanuni yangu ni kwamba maji yakifika nusu ya tairi la gari dogo na yanakimbia, sivuki. Zaidi ya hayo, zege la drifti huliwa na maji upande wa chini, na shimo hilo halionekani wakati mto ni mchafu. Ukifika, chomeka kijiti pale maji yanapoishia ukingoni, ukae robo saa. Maji yakikipita kijiti, au yakileta matawi na povu jipya, mto unapanda. Yakikiacha nyuma, na takataka zimebaki ukingoni, unashuka. Anayetaka kupima kina kwa miguu afanye hivyo mto ukishashuka tu, akiwa na fimbo.

Mwalimu_Mbale
Shikamoo Mzee, na ahsanteni wote. Je, hii ina maana kwamba mzunguko wa Kitgum ndio bora?

Mfanyabiashara_Kitgum
Mimi hupitia huku, na ningesema ndiyo, kwa sababu kipande cha udongo kinaanzia Kitgum na hutegemei mito ya Moroto. Hata hivyo mnaongeza mamia ya kilomita za lami, na kati ya Orom na Karenga kuna mahali ambapo lori moja likikwama, wote walio nyuma hulala hapo. Mvua kubwa ikiwapata baada ya Karenga, mtakuwa mmelipa mafuta mengi ili mkwame mahali pengine.

Mzee_wa_Lori
Mimi ningepitia Moroto, lakini nisingejaribu kufika Kaabong kwa siku moja. Laleni Moroto. Jioni mpigie simu mtu wa Kotido na mtu aliye njiani, muwaulize mambo mawili: mlimani kumenyesha, na uwandani kumenyesha? Kama kumenyesha mlimani tu, na mvua ikakoma mapema usiku, ondokeni saa mbili asubuhi, mvuke mito na mlale Kotido. Kama uwanda ndio ulionyeshewa, msiondoke siku hiyo, hata jua likiwaka vipi. Kipande cha Kotido hadi Kaabong mkianze asubuhi ya kesho yake baada ya kuulizia tena kwa namna hiyo hiyo. Gari dogo litangulie, lori likae mbali nyuma hadi lipewe ishara, na lisifuate mifereji ya tairi iliyochimbwa na malori mengine.

Nesi_Kotido
Hapo mimi natofautiana kidogo na Mzee. Kwa lori la tani saba lililojaa madawati, ningeshusha nusu ya mzigo Moroto na kufanya safari mbili.

Mzee_wa_Lori
Binti yangu, safari mbili ni kuvuka mito mara nne badala ya mara mbili. Sijui kama ungepata siku nne njema mfululizo katika mwezi wa Mei.

Nesi_Kotido
Ni kweli, lakini lori jepesi hutolewa matopeni kwa koleo, mbao na watu kumi. Lililojaa hungoja trekta, na trekta hutoka mjini.

Mwalimu_Mbale
Nitalipeleka swali hili la mzigo kwa mwenye lori kabla ya kuamua. Je, kuna anayeijua njia ya Abim kwenda Kotido kwa wakati huu wa mwaka? Naona kwenye ramani inaikwepa Moroto kabisa, lakini sijui ina udongo gani chini.