Tupeane uzoefu: uliwahi kukohoa damu? Ilikuwa nini?

Seremala44: Wakuu, Jumanne alfajiri nilikohoa, nikatema kwenye sinki, nikaona damu nyekundu imechanganyika na makohozi, kama kijiko cha chai hivi. Jana tena, kidogo zaidi. Sina homa, nakula vizuri. Mwaka 2016 niliugua TB, nikameza dawa miezi 6 nikamaliza. Zahanati moja wameniambia imerudi, nianze dozi hata kabla ya kipimo. Waliopitia hili, lenu lilikuwa nini?

Mama Zai: Pole kaka. Mume wangu naye ilimtoka nyeusi kama mashapo ya kahawa, kumbe vidonda vya tumbo. Acha pilipili na soda.

Mchimba Mawe: Mama Zai, huyo alitapika, mwenzetu anakohoa! Mimi nimechimba Mirerani miaka 12, vumbi lote lile, TB nimeugua mara 2, na mara zote ilianza na damu. Damu ni TB tu ndugu yangu. Anza dozi, usisubiri.

Dokta wa Kifua: Mchimba, kwa mtu aliyekula vumbi la mgodini, kuiwazia TB kwanza ni sawa kabisa. Ila "TB tu" hapana. Seremala, TB inaweza kupona na bado ikakuachia shimo kwenye pafu. Ndani ya shimo hilo fangasi huota, hujiviringa kama donge, na kuta zake zina mishipa inayopasuka kirahisi. Niliwahi kupokea mama mmoja aliyemezeshwa dozi ya TB mara 3 kwa kosa hilo. Eksirei yake ilionyesha donge juu ya pafu la kushoto, na hewa imelizunguka kwa juu kama mwezi mwandamo. Tulipompiga picha amelala kifudifudi, donge likahama. Uvimbe wa saratani hauhami hivyo.

Nenda ukapime makohozi. Waambie wazi kwamba ulishatibiwa, maana mashine ya GeneXpert inaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa ikakupa jibu la "ipo". Ikitoka hivyo, omba makohozi yaoteshwe maabara kabla hujahukumiwa.

Seremala44: Asante dokta. Wataniuliza nini huko?

Dokta wa Kifua: Mimi huanza na kiasi. Watu husema "nyingi", kwa hiyo nauliza: kijiko, kikombe, au beseni? Kisha kama ina povu au imetoka na chakula, kama pua au fizi hutoa damu, kama unavuta sigara, umepungua uzito, unalowa jasho usiku, unameza dawa za kuyeyusha damu. Na mguu. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikachoma ukivuta pumzi, hapo nawaza damu iliyoganda imepanda kwenye pafu, na hiyo ni dharura hata kama umetema tone.

Bint Pwani: Kwa baba yangu swali la sigara lilichelewa. Ana miaka 61, kavuta tangu ujanani. Alitema michirizi tu, kama uzi mwekundu kwenye makohozi. Hospitali moja wakampa antibayotiki, damu ikakata, ikarudi, wakampa nyingine. Miezi 4! Sauti ilipokwaruza ndipo akapigwa eksirei. Saratani. Hadi leo najiuliza kwa nini sikuidai ile picha mapema.

Dokta wa Kifua: Pole sana dada. Damu kukata baada ya antibayotiki huwadanganya wengi. Mvutaji wa umri huo apigwe picha hata kwa mchirizi mmoja, na eksirei ikiwa safi bado nisingemruhusu bila CT skani.

Mchimba Mawe: Ikimtoka nyingi usiku je? Sisi hulazwa chali, tunameza barafu.

Dokta wa Kifua: Chali hapana. Mlaze kwa upande wa pafu linalovuja, uwe chini, ili damu isimiminikie pafu lisilovuja. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe huhisi joto au kububujika upande mmoja. Nusu kikombe cha chai kwa siku, au hata chini ya hapo lakini anahema au kichwa kinazunguka, kimbieni hospitali yenye oksijeni na damu. Kinachoua mara nyingi ni kuzama kwa hiyo damu, kabla hata haijaisha mwilini.

Mama Zai: Kumbe nilisoma vibaya, samahani. Na tangawizi haisaidii?

Seremala44: Nimerudi wakuu. GeneXpert imetoka hasi. Eksirei ina shimo juu kulia, ndani kuna kivuli, daktari hakutaka kukiita jina. CT skani ni Alhamisi. Dozi ya TB sijaanza. Leo asubuhi nimetema tena, chini ya kijiko, na nimeanza kulalia kulia.

Mchimba Mawe: Mimi bado nasema TB. Tuambie Alhamisi.