Naomba ushauri: taa 20 kwa pini 5, zinawaka lakini mwanga hauridhishi

mwana_ngamiani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nimefunga LED 20 nyekundu kwenye chipu ya ATtiny85 kwa mtindo wa chalipleksi, yaani kila taa iko kati ya pini mbili na zinawaka moja moja kwa zamu, pini 5 tu. Mwanga ni hafifu, na usiku taa ambazo si zamu yake nazo zinang'aa kwa mbali. Kila pini ina rezista ya omu 220. Nadhani tatizo liko kwenye programu, hiki ndicho kipande chenyewe:

```c
DDRB = (1 << a) | (1 << b);
PORTB |= (1 << a);
PORTB &= ~(1 << b);
```

Naomba mnirekebishie hapo tu. Bodi sitaki kuigusa.

kijana_wa_kange
Punguza muda wa kila taa, kaka. Mimi nilianza na milisekunde 5 zikawa zinapepesa, niliposhusha hadi 1 zikatulia kabisa. Wewe shusha zaidi, mwanga utapanda.

dada_wa_deep_sea
Pima betri kwanza. Taa za meza yangu ya samaki zilififia hivyo hivyo, nikahangaika na nyaya wiki nzima, kumbe betri ya sola ilikuwa haijai. Nilipobadilisha, mpaka wateja wa upande wa pili wakawa wananiona.

fundi_chumbageni
Dada, betri ikichoka taa zote zinafifia, ila haziwashi taa ambazo si zamu yake.

Kijana, kutulia ni kweli, kuongeza mwanga hapana. Taa 20 kwa milisekunde 5 ni mzunguko mmoja kila sehemu ya kumi ya sekunde, jicho linaona. Kwa milisekunde 1 unapata mizunguko 50 kwa sekunde, jicho linadanganyika. Lakini iwe haraka iwe polepole, kila taa inawaka sehemu moja ya ishirini ya muda.

Mwana_ngamiani, ule mng'ao wa usiku ndio uko kwenye programu. Pini hapa ina hali tatu: inasukuma juu, inavuta chini, au imejitoa kabisa, kama waya uliokatwa. Pini tatu zisizo na zamu lazima ziwe zimejitoa. Zako hazijajitoa. Ikiwa pini ilikuwa juu kwenye zamu iliyopita, wewe unaifanya ya kupokea lakini `PORTB` yake inabaki 1, na kwenye chipu hii hiyo inawasha rezista ya ndani inayoivuta pini juu. Umeme kidogo unapita hapo na kuamsha taa za jirani. Andika hivi:

```c
DDRB = 0;
PORTB = (1 << a);
DDRB = (1 << a) | (1 << b);
```

Unazitoa zote kwanza, unaandika upya, kisha unarudisha mbili tu. Sasa tuambie, hizo taa zinakaa wapi?

mwana_ngamiani
Shukrani mzee, nimeandika hivyo na mng'ao umekwisha. Zinakaa ukutani.

fundi_chumbageni
Ukuta wa ndani au wa nje?

mwana_ngamiani
Wa nje. Ni mshale wa kuelekeza watu kwa kinyozi, uchochoroni huku Ngamiani. Unatazama mashariki. Anataka uonekane asubuhi anapofungua, na pesa ya awali ameshanipa. Msinishauri chipu nyingine. ATtiny85 ina miguu minane, ukitoa miwili ya umeme na mmoja wa reset inabaki 5, na 5 mara 4 ni 20, yaani imekaa sawasawa. Bodi nimeshatoboa na kulehemu.

mzee_wa_raskazone
Mwanangu, pesa ya mtu ni amana. Ulipokea malipo kabla hujajua kama kitu kitaonekana juani? Nenda kamwambie kinyozi ukweli leo, usingoje aone mwenyewe. Zamani fundi alikuwa anaonyesha kazi kwanza.

fundi_chumbageni
Mzee amesema yake, mimi niseme ya umeme. LED nyekundu inakula kama volti 2, kwenye 5 zinabaki 3. Umeme unapita rezista mbili, ya pini inayosukuma na ya pini inayovuta, jumla omu 440. Hapo unapata kama mA 7 wakati wa zamu. Gawa kwa 20: wastani mA 0.34. Usiku inatosha. Jua la asubuhi likipiga pale, hutaona kitu.

Ukiweka omu 82 kila pini, zamu inakuwa mA 18 na wastani mA 0.9. Zaidi ya hapo sikushauri, kwa sababu mwisho kabisa wa pini ya chipu hiyo ni mA 40, na programu ikiganda taa moja itabeba umeme wote bila kupumzika.

kijana_wa_kange
Si awashe nne kwa pamoja? Pini moja juu, nne chini. Zamu zinakuwa 5 badala ya 20.

fundi_chumbageni
Wengi wanakimbilia hapo. Zamu zinakuwa ndefu mara nne, lakini ile pini moja ya juu inabeba taa nne. Ukiibana isizidi mA 20, kila taa inapata 5. Sehemu moja ya tano ya 5 ni 1, sawasawa na 20 kwa taa moja ukigawa kwa 20. Kinachobana ni pini, na hata transista haikai hapo kirahisi kwa sababu pini hiyo hiyo inatakiwa kusukuma, kuvuta na kujitoa.

mwana_ngamiani
Basi nitaweka 82. Jambo jingine sikulisema: taa moja haiwaki kabisa. Zamu yake ikifika, zinawaka nyingine sita, hafifu.

jicho_kali
Hapa nimekukamata. Kila mchoro niliouona wa chalipleksi, taa moja ikifa zinawaka mbili, siyo sita. Na 5 mara 4 ni 20 iliyokaa vizuri namna hiyo ni swali la chuo. Hakuna kinyozi. Unataka mzee akufanyie kazi ya darasani.

mwana_ngamiani
Sisomi popote. Nimezihesabu kwa kidole.

fundi_chumbageni
Jicho_kali, huo mchoro wako ni wa pini 3. Hapo pini iliyojitoa ni moja, kwa hiyo njia ya kuzunguka ni moja, taa mbili mfululizo. Taa nzima ikiwapo, inaishikilia volti kwenye 2, na taa mbili mfululizo zinadai 4, haziwaki. Ikifa, volti zote 5 zinaikuta hiyo njia. Huyu ana pini 5, zilizojitoa ni tatu, njia tatu, taa sita. Asingekuwa na bodi mkononi angeandika mbili kama wewe. Mwana_ngamiani, gusa upya lehemu ya hiyo taa kabla hujainunulia nyingine.

jicho_kali
Kwa sita nimekubali. Kinyozi bado sijamwona.

mwana_ngamiani
Ilikuwa lehemu kweli, sasa inawaka. Mzee, kwa mA 0.9 jua haliwezekani kabisa?

fundi_chumbageni
Ningekuwa mimi, ningeweka chipu tatu za 74HC595, za kuongeza pini za kutoa umeme. ATtiny yako inabaki, zinatumika pini 3, na kila taa inapata rezista yake ya omu 390 na kuwaka muda wote kwa kama mA 7. Hiyo ni kama mara 20 ya ulichoanza nacho. Gawa taa 7, 7 na 6, ili chipu moja isivuke mA 70 kwa jumla.

Lakini kabla hujatoboa bodi nyingine, chukua LED moja na omu 390, iunganishe moja kwa moja kwenye volti 5, ibandike pale ukutani saa mbili asubuhi, uvuke barabara uitazame. Usipoiona, hata hizo 595 hazitakusaidia, utahitaji taa kubwa zaidi.

mwana_ngamiani
Kesho saa mbili nitakuwa pale. Rezista za 82 nimeshanunua lakini, nitaanza nazo.