Tupeane uzoefu: laptopu inayoamka yenyewe ndani ya begi

Mwalimu wa Chumbageni
Habari zenu wana Tanga. Juzi alfajiri nilifunga kifuniko cha laptopu, nikaitia begini, nikapanda basi la Pangani. Betri ilikuwa asilimia 94. Kufika kule begi ni la moto, feni inavuma, betri imebaki 31. Hata nyumbani nikiilaza haimalizi nusu dakika, skrini inawaka tena. Nimebadilisha muda wa kulala kwenye mipangilio ya umeme mara tatu, hali ni ileile. Aliyekutwa na mambo kama haya aliyamalizaje?

Kijana wa Makorora
Shikamoo mwalimu. Ondoa tiki kwenye `Turn on fast startup`. Yangu ilikuwa haizimiki sawasawa, nilipoiondoa ikapona.

Fundi wa Ngamiani
Mdogo wangu, hiyo ilikusaidia kwa sababu shida yako ilikuwa kuzima. Haigusi kulala.

Mwalimu, ule muda unaoubadilisha unaiambia laptopu ilale saa ngapi. Nani ana ruhusa ya kuiamsha ni jambo jingine kabisa. Ikiamka yenyewe tena, fungua Command Prompt uandike hizi:

```
powercfg /lastwake
powercfg /devicequery wake_armed
```

Ya kwanza inamtaja aliyeiamsha mara ya mwisho, ya pili inatoa wote wenye ruhusa. Utuambie pia umechomeka nini.

Bibi Raskazone
Wanangu, yangu ni kinyume chake. Ikilala ndiyo basi. Nabonyeza, taa ya kuwashia inawaka, feni nasikia, skrini nyeusi tii. Nayo ni kifaa kilichochomekwa?

Mwalimu wa Chumbageni
Ya kwanza imeleta jina refu lenye `USB` na `Host Controller`. Ya pili:

```
Standard PS/2 Keyboard
HID-compliant mouse
HID Keyboard Device
```

Kinachonishangaza ni kibodi mbili. Mimi sina kibodi ya nje. Nina kipanya kisicho na waya tu, na kile kijipokezi chake hakitoki kwenye laptopu.

Fundi wa Ngamiani
Umemshika. `Host Controller` ni njia tu ya kupitia. Ni sawa na kuambiwa mgeni kaingia kwa mlango wa mbele bila kutajiwa jina. Ndiyo maana nilitaka na orodha ya pili. Kibodi ya laptopu yako ni hiyo ya `PS/2`. Hiyo nyingine ni kijipokezi: vingi hujitambulisha kama kipanya na kibodi kwa pamoja. Begini kipanya kinasuguana na vitabu, kinatuma ishara, laptopu inaamka.

Kabla ya kubadilisha lolote, chomoa kijipokezi, ilaze dakika 10. Ikitulia, ingia Device Manager, fungua kipanya, kichupo cha `Power Management`, uondoe tiki ya `Allow this device to wake the computer`.

Bibi, shikamoo. Yako inaamka, ila picha haiji. Ikitokea tena bonyeza Win+Ctrl+Shift+B kwa pamoja, inaanzisha upya draiva ya picha. Je, ilianza baada ya kusasisha?

Mwalimu wa Chumbageni
Nimechomoa, imelala dakika 10 bila kushtuka. Nikakirudisha kijipokezi, nikaondoa tiki ya kipanya peke yake, ikaamka tena! Nilipoondoa na ya `HID Keyboard Device` ndipo ikatulia. Tangu jana usiku imelala, betri imeshuka kidogo sana. Nyumbani nadhani ni meza yangu ya kioo: mshale hutembea wenyewe hata sijagusa kipanya.

Fundi wa Ngamiani
Kioo kinakidanganya kipanya, weka hata daftari chini yake. Ile ya `PS/2` iache, uwe na pa kuiamshia. Na draiva ikisasishwa tiki inaweza kurudi, kwa hiyo ukiona joto begini anza na ile orodha.

Kijana wa Makorora
Fundi, kwangu hicho kichupo hakipo kabisa.

Fundi wa Ngamiani
Andika `powercfg /a`. Ukiona `Standby (S0 Low Power Idle)` ndiyo inayopatikana, mashine yako hailali fofofo kama za zamani, na kichupo hicho mara nyingi hufichwa. Mimi za namna hiyo nikisafiri nazo natumia `Hibernate`. Inachelewa kidogo kuwaka, lakini kazi inahifadhiwa kwenye diski na umeme unakatika kweli.

Bibi Raskazone
Marahaba mwanangu. Nimebonyeza, ikalia pii, picha ikarudi. Leo asubuhi nimebonyeza vilevile, pii imelia, skrini bado nyeusi, nimeishia kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika. Ilianza baada ya kusasisha, mwezi uliopita.

Fundi wa Ngamiani
Basi jaribu kurudisha draiva ya zamani: Device Manager, `Display adapters`, kichupo cha `Driver`, `Roll Back Driver`. Kitufe kikiwa kimefifia maana yake draiva ya zamani haipo tena, itabidi tutafute ya mtengenezaji wa laptopu. Niandikie modeli iliyo chini yake.